Mwalimu Modest Ataka Vitu Vitatu

Modest Masolwa alikuwa mbishi, na tuanze hapo, maana wasiomjua walidhani ni mpole. Aliacha masomo ya upadri Kipalapala kwa sababu ya maradhi ya kifua, akawa mwalimu wa shule ya misheni huko Igalula. Kiingereza alikijua sana. Kwa miaka kumi na mmoja alifasiri barua za watu, na siku zote alitamani kitu kimoja tu: kazi yake ipigwe chapa, watu waisome.

Mwaka 1949 bahati ikamjia kwa garimoshi. Daktari Mwingereza aliyesimamia kutoka Tabora kazi ya kupiga vita malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, alimpelekea kijitabu cha kurasa kumi na nane, kifasiriwe kwa Kiswahili kabla ya msimu wa asali. Mtu mwingine angechovya kalamu jioni ile ile. Modest alikisoma mara mbili, akakifunga, akaandika barua.

“Bwana Daktari,” aliandika, “kazi nimeipokea kwa furaha. Kabla sijaanza naomba vitu vitatu. Kwanza, maandishi mliyoyategemea kuandika kijitabu hiki, nipate kuelewa mambo yasiyoelezwa humu. Pili, tafsiri zote za zamani kuhusu malale, ili watu wasisikie maneno mapya kwa mambo wanayoyajua. Tatu, niambie kijitabu ni cha nani: atakisoma mwenyewe au atasomewa, na anaishi vipi.”

Mkewe, Leonia, alipoisikia barua hiyo alishika kiuno. “Baba Flavia, umepewa kazi unaanza kumhoji Mzungu? Atampa mwingine.”

“Ampe,” alisema Modest, lakini usingizi ulimruka.

Jibu lilikuwa na mstari mmoja, limepigwa kwa taipu: wasomaji ni watu wote, aanze mara moja. Hapo ndipo ubishi wake ulipoonekana. Alikifunga kijitabu kwa karatasi safi, akakirudisha na kuandika kwamba hajui kufasiri kwa ajili ya watu wote, kwa kuwa hajawahi kukutana nao. Leonia hakusema naye siku mbili, na sisi wengine tulimwona mpumbavu.

Kazi akapewa Marko, karani wa baraza mjini, kijana safi mwenye mwandiko wa kupendeza. Alimaliza kwa siku nne. Daktari, na hili tumsifu, hakukimbilia kupiga chapa. Aliwakusanya penye zahanati warina asali kumi na wawili, waingiao porini kila msimu, akaagiza wasomewe.

Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mzee wao, Bundala, akashukuru, akasema ugonjwa huo mpya ni mbaya kweli, ila bora wao wanasumbuliwa na malale tu. Marko alikuwa ameuita “ugonjwa wa kusinzia,” hakujua kwamba kijikaratasi cha zamani, kilichosomwa vijijini miaka sita, kiliuita malale. Bundala akaongeza, “Tena tunaambiwa tufyeke vichaka kuzunguka nyumba, na homa ikianza twende zahanati kesho yake. Sisi tunakaa dago, kambi zetu za porini, miezi mitatu, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Tufyeke pori zima?”

Kwa wiki nzima Modest hakujua lolote. Halafu garimoshi likaleta bahasha nene. Ndani mlikuwa na kijitabu kile kile, kijikaratasi cha zamani, taarifa mbili za uchunguzi na barua ndefu ya mkono wa Daktari mwenyewe. Aliandika kwamba wasomaji ni warina asali, wengi watasomewa na mmoja wao wakiwa dago. Kwamba ameongeza ukurasa mzima juu ya maisha ya kambini. Na kwamba lile swali la tatu, kijitabu ni cha nani, alipaswa kuliuliza yeye Daktari, si mfasiri.

Modest alisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya Leonia, polepole, akirudia sehemu ya mwisho. Kisha akaanza kazi. Alipokwama alimwita Marko kutoka mjini, wakaketi pamoja, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukomoa.

Kijitabu kilitoka kabla msimu haujaanza. Mwezi wa pili porini, homa ilimshika mrina asali mmoja aliyeitwa Ng'washi, tezi za shingo zikavimba. Miaka iliyopita wenzake wangemwekea dawa za mizizi wakaendelea kurina. Safari hii walifungua ukurasa wa dago, wakausoma, wakambeba usiku na mchana mpaka zahanati. Damu yake ilionyesha malale, bado machanga. Akachomwa sindano kwa wiki kadhaa, akapona.

Alipopata nguvu alikuja Igalula kwa miguu, akasimama mlangoni mwa darasa na kijitabu mkononi, kimelowa asali.

“Shikamoo, Mwalimu. Nani aliyekuambia habari zetu?”

“Marahaba,” alisema Modest. “Niliuliza.”