Makato ya Kiraka

Fundi wa pancha aliyeitwa Kiraka alikuwa na sifa moja: hakubeti kama wenzake. Wenzake walifunga tiketi ndefu za kubeti, mikeka ya timu kumi na tano, wakalala matajiri, wakaamka kama walivyokuwa. Yeye alicheza mechi moja tu, dau elfu kumi, kisha akaandika daftarini. Safu mbili: dau lililotoka na kilichorudi.

Mkewe, fundi cherehani, hakuupenda mchezo ule. Mwanzo wa msimu aliweka sindano chini akamtazama.

"Mume wangu, mimi sigombani na mtu mzima. Cheza miezi minne. Daftari likisema faida, sitafungua mdomo tena. Likisema hasara, unaacha. Si kupunguza. Kuacha."

"Nimekubali."

"Umekubali kwa mdomo au kwa moyo?"

"Kwa vyote, mama watoto."

Kiraka akatenga laki moja kwenye kopo la rangi, akaliweka nyuma ya mashine ya upepo pale gereji. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya kubeti. Ya chakula ilikaa kwingine.

Marehemu mama yake alimfunza kutoacha pesa kwenye nyumba ya mtu. Basi kila siku ya mechi alitoa noti koponi, akavuka barabara hadi kwa mama mwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, akaweka kwenye simu, akalipa kampuni ya kubeti. Akishinda, hakuiacha pesa huko hata saa moja. Aliirudisha kwenye simu, akavuka tena barabara, akaitoa noti, akairudisha koponi. Pesa ni ile unayoishika, alisema. Mama wa wakala alimpenda kuliko wateja wote.

Miezi minne ikaisha. Mikeka mia moja na ishirini. Alishinda sitini, yote kwa odi mbili nukta moja, yaani dau la elfu kumi likirudi elfu ishirini na moja, maana chini ya hapo hakugusa na juu ya hapo aliogopa. Alijumlisha mara tatu. Zilizotoka milioni moja na laki mbili. Zilizorudi milioni moja, laki mbili na elfu sitini. Faida elfu sitini. Katika kila mia, tano.

Fundi breki wa jirani, waliyemwita Nati, alichungulia daftari.

"Tano kwa mia! Kiraka, wewe si fundi tena, wewe ni benki. Jumapili shemeji atakupikia kuku mzima."

"Ngoja kwanza nihesabu kopo."

Daftari lilisema kopo liwe na laki moja na elfu sitini. Akamwaga noti juu ya benchi. Elfu sabini na sita.

Akahesabu tena. Sabini na sita.

Damu ikamchemka. Aliyelijua kopo lile ni mmoja tu, na alikuwa amesimama pale pale, mikono ya grisi, anacheka.

"Nati. Elfu themanini na nne zimekwenda wapi?"

Nati akaacha kucheka. "Unaniuliza mimi kama nani?"

"Nakuuliza kama mtu anayejua kopo lilipo."

"Kiraka, miaka tisa tunakula sahani moja. Ningetaka kukuibia ningeanza na spana zako, angalau zina thamani." Akajifuta mikono. "Kabla hujaniita mwizi, soma simu yako. Halafu uniite."

Alikwenda kwa mama wa wakala na ile hasira. Yule mama alimsikiliza, akavuta stuli.

"Kaa, fundi. Mwizi wako namjua. Hujafuta meseji?"

"Sijafuta hata moja."

"Soma mwisho wake. Ule mstari ambao watu hawausomi."

Akasoma. Kulipa kampuni elfu kumi, makato mia mbili. Meseji ya ushindi: kwenye daftari aliandika elfu ishirini na moja, kama mkeka ulivyosema. Kwenye simu iliingia elfu ishirini na mia saba. Kampuni ilikata mia tatu kabla ya kutuma. Kisha kuitoa noti pale dirishani, makato mia saba.

Zile mia mbili alizijua, akiziita nauli, ila hakuziandika. Zile nyingine hakuziita chochote.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Lakini fundi, mtu akija dukani kila siku huku anacheka, nani atamfukuza? Mimi nami napata kamisheni humo."

Kiraka alichukua kalamu sikioni. Akaongeza safu ya tatu kwenye daftari, akaiandika juu yake "Makato". Hakukisia. Alifungua meseji moja moja, tangu ya kwanza. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi lingine, wateja wakaja wakaenda, mama wa wakala akampisha kona.

Kulipa mara mia na ishirini, elfu ishirini na nne. Kurudisha kwenye simu mara sitini, elfu kumi na nane. Kutoa noti mara sitini, elfu arobaini na mbili. Themanini na nne kamili, bila kuzidi wala kupungua.

Faida sitini ukitoa themanini na nne. Hasara elfu ishirini na nne. Katika kila mia, alipoteza mbili.

Alirudi gereji, akasimama mbele ya Nati.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuvunjia heshima."

"Umenivunjia." Nati alifunga nati moja, akafungua nyingine. "Yamepita. Utaninunulia chai mwezi mzima. Sasa shemeji utamwambia nini?"

"Hasara."

"We! Timu zako zimeshinda vizuri. Makato si kubeti, ni barabara tu. Mwonyeshe safu mbili. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi mwambie umejua dawa. Weka pesa mara moja, iache huko izunguke, toa mara moja kwa mwezi."

Hilo Kiraka alikwisha kulipigia hesabu kwa mama wa wakala. Kwa mwendo huo makato yote yangekuwa kama elfu tano, na faida hamsini na tano. Lilikuwa jambo la kweli. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa la kweli.

Jumapili aliweka daftari juu ya cherehani, safu tatu wazi. Mkewe alisoma taratibu, kidole kikishuka.

"Hii ya tatu umeiandika lini?"

"Juzi."

"Bila hii ungenishinda."

"Ningekushinda."

Akamweleza na ile njia nyingine, hakumficha. Mkewe alifikiri.

"Ukianza upya kwa njia hiyo, una hakika?"

"Sina. Hakika nilikuwa nayo miezi minne iliyopita. Mechi hizo hizo zingeweza kwenda vingine." Akashusha pumzi. "Tulisema kuacha. Nimeacha."

Mkewe hakusema "nilikwambia". Alimsogezea kiti, akamwekea chai, akakaa naye karibu mpaka ikapoa. Mwanamke wa namna ile mtu hupewa mara moja tu.

Kesho yake Kiraka alifunga akaunti. Akachukua zile sabini na sita, akanunua raba za viraka na gundi ya miezi mitatu.

Jumamosi, saa ya mechi, vijana wa bodaboda walimjia kama kawaida.

"Kiraka, tupe moja ya uhakika."

"Leteni simu zenu," alisema, akavuta benchi. "Tuanze na meseji za mwezi uliopita. Someni mwisho."

Wawili waliondoka wakicheka. Mmoja alikaa.