Makosa Mawili na Jibu Sahihi

Kwa miaka sita nilifundisha presha ya gesi kimakosa, na kwa miaka sita hakuna aliyelalamika, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia katikati ya hadithi.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa fizikia katika chuo kimoja hapa Eldoret. Shahada yangu ya uzamifu ilikuwa bado njiani, na njia yenyewe ilikuwa na matope, lakini wanafunzi waliniita Daktari nami sikuwasahihisha. Makosa mengine yote niliyasahihisha kwa ukali. Kila shule zilipofungwa, nilipewa darasa la walimu wa msingi waliokuja kutafuta digrii: watu wazima wenye watoto, ng'ombe na mahindi shambani, waliokuwa wakifundisha muhula mzima kisha wanakuja kukaa kwenye viti vyetu na kuitwa wanafunzi. Wengi walikuwa wakubwa kwangu. Hilo lilinifanya niwe mkali zaidi, sijui kwa nini. Kwa kweli najua.

Somo la gesi nililifundisha kutoka kwa notisi za kurithi. Aliziandika mwalimu wangu mwenyewe, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mkuu wa idara yetu. Zilikuwa zimepigwa fotokopi ya fotokopi hata herufi zikaanza kunenepa. Mimi nilizinakili ubaoni bila kuangalia nyuma, na darasa likazinakili bila kuniangalia mimi.

Hoja yenyewe ni nzuri, na bado naipenda. Chukua sanduku lililofungwa, lenye pande sawa. Ndani yake molekuli za gesi zinakimbia huku na huko na kugonga kuta. Kila molekuli inapogonga, ukuta unasukumwa kidogo sana. Lakini zikigonga nyingi mno, bila kupumzika, misukumo hiyo midogo inakuwa presha moja tulivu, ile inayoshikilia tairi lisilale. Kwa hiyo, ukitaka kujua presha, unauliza mambo mawili tu kuhusu molekuli moja: ikigonga ukuta inaupa kiasi gani cha momenta, yaani masi yake mara kasi yake, na inachukua muda gani kabla ya kurudi kuugonga ukuta uleule. Gawanya la kwanza kwa la pili, unapata nguvu.

Notisi zilisema hivi: molekuli inaupa ukuta masi mara kasi. Muda ni urefu wa sanduku gawanya kwa kasi. Ukigawanya, nguvu inakuwa masi mara kasi kwa mraba, gawanya kwa urefu. Baada ya hapo ni mteremko. Unajumlisha molekuli zote, unagawanya kwa eneo la ukuta, unakumbuka kwamba pande ni tatu na hakuna upande unaopendelewa, kwa hiyo kila upande unapata theluthi moja ya wastani wa kasi kwa mraba. Presha mara ujazo inakuwa theluthi mbili ya nishati-mwendo yote ya gesi. Na kwa kuwa halijoto ni kipimo cha wastani wa nishati hiyo, sheria ya gesi inajitokeza yenyewe: presha mara ujazo ni sawa na idadi ya moli, yaani kiasi cha gesi kilichomo, mara namba ya gesi isiyobadilika, mara halijoto. Hapo nilikuwa napigia mstari mara mbili na kupangusa chaki mikononi polepole, watu wapate nafasi ya kustaajabu.

Agosti moja nilitunga swali hilo kwenye mtihani. Karatasi thelathini na tisa zilikuja na notisi zangu neno kwa neno, nikazipa maksi zote kumi kila moja. Ya arobaini ilikuwa ya mama mmoja aliyefundisha shule moja huko upande wa Chepsaita, mwanamke wa kukaa mbele, mwenye daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kaki kama la mtoto wa darasa la nne. Yeye aliandika kwamba molekuli inaupa ukuta masi mara kasi, *mara mbili*. Muda akauacha vilevile nilivyofundisha. Akateremka na hesabu yake mpaka chini, akapata presha mara mbili ya inayotakiwa, kisha akaandika: "Jibu langu ni mara mbili ya lile tunalojua. Kosa sijaliona, lakini silifichi."

Nilicheka peke yangu ofisini. Nikazungushia ile mara mbili wino mwekundu, nikaandika pembeni "Umepotea hapa," nikampa maksi mbili za kumhurumia. Alipungukiwa na maksi tatu, akafeli somo zima. Somo hilo lilifundishwa Agosti tu, kwa hiyo maana yake ilikuwa kukosa kuhitimu Desemba na kungoja mwaka mzima, na yeye alitaka kuhitimu kabla ya kustaafu. Sikulijua hilo la kustaafu. Wala sikuuliza.

Matokeo yalipotoka alikuja ofisini. Nilijitayarisha kwa machozi, kwa sababu machozi nilikuwa nayaweza.

"Mwalimu, sikuja kubembeleza maksi," akasema akiwa bado amesimama. "Nataka tu unionyeshe pahali nilipotea."

"Hapa, Mama," nikagonga ule mduara mwekundu. "Hii mara mbili umetoa wapi? Haiko kwa notisi."

"Nimetoa kwa mlango wa stoo."

Nikamwambia aketi. Akaeleza bila haraka, kama anayejua darasa lina watoto wazito. Alikuwa hajaelewa ule mstari wa kwanza, akarudi nyumbani, akafungua mlango wa stoo ya mahindi uning'inie wazi. Akafinyanga bonge la udongo lenye uzito sawa na mpira wa wanawe, akatupa bonge, kisha akatupa mpira, kwa nguvu ileile. Bonge lilinata, mlango ukasogea kidogo. Mpira uliruka ukarudi, na mlango ukasukumwa zaidi sana.

"Sasa mimi nikajiuliza, molekuli inanata ama inarudi?"

"Inarudi," nikasema.

"Basi ukuta unalipia kuisimamisha, halafu unalipia tena kuirudisha. Si ni mara mbili?"

Nikainuka kwenda ubaoni kumwonyesha kwamba sivyo. Nakumbuka chaki ilivyokuwa mkononi na jinsi nilivyochora sanduku, molekuli, mshale wa kwenda. Nikachora mshale wa kurudi. Kasi ilikuwa mbele, sasa ni nyuma. Tofauti ni masi mara kasi mara mbili. Mtoto wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua, katika sura nyingine ya kitabu, siku nyingine ya wiki. Kama molekuli zingekuwa zinafanya nilivyofundisha, hewa yote ya chumba kile ingekuwa imebandikwa ukutani pamoja na kalenda.

"Lakini jibu lako halitoki," nikasema. Ndilo lililokuwa limebaki la kushikilia.

"Ndiyo maana nimekuja." Akautazama ubao. "Mwalimu, hii ikitoka hapa, ndio irudi kugonga hapa tena, si lazima ifike ukuta ule mwingine kwanza?"

"Lazima."

"Halafu irudi."

Nikaufuata mshale kwa chaki. Kwenda ni urefu mmoja wa sanduku, kurudi ni urefu mwingine. Muda ni urefu *mara mbili*, gawanya kwa kasi. Notisi zilikuwa zimeihesabu safari ya kwenda peke yake. Zilipunguza msukumo nusu, zikapunguza muda nusu, na ukigawanya nusu kwa nusu hakuna anayejua kwamba umeiba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Basi hesabu ya siku hiyo ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa na makosa mawili, nikaitwa Daktari. Wenzake thelathini na tisa walikuwa na makosa mawili, wakapita. Yeye alikuwa na kosa moja, na hilo moja nilimpa mimi, akafeli. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Nitakuongezea zile tatu, Mama," nikasema haraka. "Yaishe."

"Usiniongezee. Sahihisha."

Nikasahihisha upya mbele yake. Mara mbili ya kwanza nikaipa haki yake, kosa la muda nikalikata, ikawa saba kati ya kumi. Akapita, na ziada ya maksi mbili.

Lakini maksi zikishapitishwa na kikao hazibadilishwi bila fomu, na fomu ina sehemu ya sababu. Niliandika ukweli: msahihishaji alifundisha hatua mbili zisizo sahihi na kumwadhibu mtahiniwa kwa kurekebisha moja. Nikaipeleka kwa mkuu wa idara, yeye mwenye mwandiko wa zile notisi. Mezani kwake, chini ya kikombe cha chai, palikuwa na faili la kuthibitishwa kwangu kazini.

Mzee alisoma polepole. Alichora kisanduku pembezoni mwa gazeti, mshale wa kwenda, mshale wa kurudi. Akaweka kalamu chini.

"Na jibu si lilikuwa sawa?" akauliza.

"Lilikuwa sawa, Mzee."

"Sasa hawa wengine thelathini na tisa tuwafanyeje? Tuwanyang'anye? Na wa miaka iliyopita? Wengine ni wahadhiri." Hakunitazama aliposema hivyo. Akanisogezea fomu mpya. "Andika ulikosea kujumlisha. Hilo kikao hakiulizi. Mama apate haki yake, na sisi tulale."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa. Nililitazama lile faili chini ya kikombe, nikaandika: "Kosa la kujumlisha." Akatia sahihi kabla wino haujakauka.

Wiki mbili baadaye mama yule alikuja kuchukua nakala yake. Nilikuwa nimejitayarishia shukrani. Aliisoma fomu yote, mpaka chini, kama alivyosoma kila kitu.

"Imeandikwa ulikosea kujumlisha."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikosea kujumlisha?"

"Hapana."

Akainua kidole kimoja. "La kwanza kwa ukuta." Akainua cha pili. "La pili kwa safari." Kisha akakiinua cha tatu, akakiangalia kwanza yeye mwenyewe. "Na la tatu hapa kwa karatasi. Na jibu limekuwa sawa tena."

Alikunja karatasi ile mara mbili, akaitia ndani ya daftari lenye kaki, akanipa mkono. "Asante, Daktari," akasema. Siku zote alikuwa ameniita Mwalimu.

"Mama, mimi si daktari," nikasema. "Bado."

"Najua," akasema, akaenda zake.