Posa Iliyoponzwa na Saa za Machi

Mpwa wangu alipoposa Dar es Salaam, kila Jumapili tulikusanyika kwangu Flemingdon Park, Toronto, kuwapigia simu wazee wa binti. Kwetu saa nne asubuhi, kwao saa kumi na mbili jioni. Mpwa ana shahada mbili za kompyuta, basi akaweka kalenda ya simu itukumbushe kila wiki. Mimi niliyeishia darasa la nne nikamsifu sana.

Machi Kanada ikasogeza saa mbele, mchezo ambao hadi leo sijui unamfaa nani. Kalenda ikalia saa nne, tukapiga, wazee hawapo. Tukanuna. Kumbe Dar hawasogezi saa, kwao ilikuwa saa kumi na moja. Walipofika kwa wakati wao, simu haikulia.

Kesho yake baba mkubwa wa binti akapiga, nikamweleza habari ya saa kusogezwa. "Mzee mwenzangu, mnasogeza saa za nchi nzima, kupiga simu kunawashinda? Kama mmeghairi semeni, wachumba wapo."

"Kalenda imekosea," mpwa akajitetea kando yangu.

"Basi binti aolewe na kalenda."

Mpwa akaifungua. Mkutano aliuandikia saa ya Toronto, ndiyo maana ulisogea na Toronto. Akaufuta, akaandika saa kumi na mbili jioni, saa ya Dar es Salaam. Simu ikageuza yenyewe: kwetu saa tano, na Novemba itarudi saa nne.

Jumapili tukapiga. Wazee walikuwepo wote, wakamfanya msomi wetu aombe radhi mara tatu ndipo wakaipokea posa.