Siku Kumi na Nne za Chumba cha Tatu

Mwenye nyumba wetu tulimbatiza Bwana Mwezi Mzima. Ukihamia tarehe mosi, ukihamia ishirini na nane, yeye alidai mwezi mzima. Mimi nilihamia tarehe ishirini na moja, mwezi wa siku thelathini, nikatoa elfu tisini kwa siku kumi. Hela ya godoro ikaishia mfukoni mwake, nami nikalala juu ya maboksi. Mwaka wa pili huu, bado mgongo unamkumbuka kwa jina lake.

Basi chumba cha tatu kikakaa kitupu miezi mitatu. Mkewe akamwambia, tukisikia sote uani, kwamba akimkimbiza mpangaji mwingine, atalala yeye humo.

Tarehe kumi na saba akaja dada mmoja, fundi cherehani. Amana alishalipa wiki iliyotangulia. Cherehani chake kilikuwa langoni juu ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni alikuwa ameanza kununa. Nilikuwa nafua pale pale, nikamsikia fundi akisema ana elfu arobaini na tano, basi. Zikipungua, anarudi sebuleni kwa shemeji yake, asikotakiwa.

Mzee mwenye nyumba akashusha kalenda ukutani, miwani puani, utadhani anatufunulia siri ya dunia.

"Sikiliza, mwanangu. Kodi elfu tisini, mwezi huu una siku thelathini. Gawanya. Siku moja elfu tatu. Unalipa siku utakazokaa tu, ndiyo haki."

Ndiyo haki! Nikakaribia kulipasua shati nililokuwa nafua. Lakini nikiropoka sasa, mzee atakasirika, kalenda itarudi ukutani na dada wa watu atarudi kwa shemeji. Nikauma meno, nikasugua kola.

"Thelathini toa kumi na saba," fundi akasema, "siku kumi na tatu, baba?"

"Na leo utalala barabarani? Leo inahesabika." Akagusa tarehe moja moja kwa kidole mpaka thelathini. "Kumi na nne. Elfu arobaini na mbili. Tarehe mosi unaanza kulipa mwezi mzima, kama wenzako."

Zikabaki elfu tatu, ndizo za mkokoteni. Dada akaishika risiti kwa mikono miwili. Nikasubiri cherehani kiingie ndani na kufuli lifungwe. Kisha nikafuta povu.

"Baba, nihesabie na mimi. Ishirini na moja mpaka thelathini."

Mzee akaanza kuikunja kalenda. Mkewe akatoa kichwa dirishani. "Mhesabie mtoto wa watu, baba watoto! Kalenda si unayo mkononi?"

Akahesabu, kidole kikiwa kizito kama kimefungwa jiwe. "Kumi," akasema. "Siku ishirini nilikuzidishia. Elfu sitini. Mwezi ujao lete thelathini."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka jioni. Badala yake machozi yakanilengalenga, nikainamia beseni nikasingizia sabuni.