Meza ya Tisa, Mtu Mmoja Bado

Jikoni walimwita Baragumu, na ukishamsikia mara moja huulizi sababu. Sauti yake ilikuwa na uwezo wa kumwamsha mpishi aliyesinzia, mteja aliyeshiba na, wanasema wenye chumvi nyingi mdomoni, kuku aliyekwisha kaangwa.

Kazi yake haikuwa kupika. Mkewe alisema wazi kuwa mumewe hawezi kukaanga yai bila majirani kuita zimamoto. Wala hakuhudumia wateja. Alisimama kwenye dirisha la kutolea chakula, wapishi mbele yake, wahudumu nyuma yake, taa za kupasha sahani zikimchoma upara. Tiketi ikitoka kwenye mashine aliisoma kwa sauti, wapishi wakaitikia, naye akahakikisha kwamba watu waliokaa meza moja wanakula pamoja. Basi. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayejua ipo. Baragumu alihakikisha wanajua ipo.

Alikuwa na sheria moja tu: meza haitoki mpaka itimie. Sahani tano kati ya sita, kwake, ni sawa na bure. "Mnataka mmoja awatazame wenzake wanavyotafuna?" alikuwa akinguruma. "Huu ni mkahawa au adhabu?" Sheria hiyo aliibeba mpaka nyumbani, ambako familia ilizoea kula wali uliopoa kwa kuwa mboga ilikuwa bado, na mboga iliyopoa kwa kuwa binti alikuwa bado bafuni.

Adui yake mkubwa alikuwa mpishi wa grili, jitu moja jeusi la masizi waliloliita Moshi. Hawakuchukiana. Tatizo lilikuwa dakika mbili.

"Moshi, steki ya meza ya nne, dakika ngapi?"

"Mbili, mkubwa!"

Kila kitu kwa Moshi kilikuwa dakika mbili. Nyama iliyokaribia kuiva, mbili. Nyama iliyokuwa bado kwenye friji, mbili. Siku moja Baragumu alimuuliza ataoa lini, na Moshi, bila kugeuka, akajibu vilevile. Baragumu alisema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuaminiwa na saa wala na mwanamke.

Sasa, Jumapili ile mchana, meza ya tisa ilikuwa na wageni wa Baragumu mwenyewe. Binti yake alikuwa amepata mchumba, fundi umeme mpole aliyeona haya hata kuomba chumvi, na wakubwa wa pande mbili walikuja kula na kukubaliana. Kwa upande wa kijana walikuja mjomba na shangazi, na mwenye neno la mwisho alikuwa shangazi. Huyu shangazi hakuwa wa kuchezewa. Uchumba wa kwanza wa kijana yule aliuvunja mwenyewe, mezani, kwa sababu baba wa msichana alikwenda nje kupokea simu akakawia. "Mtu akikukimbia kwenye sahani," alisema siku ile huku akifunga mtandio, "kwenye shida hutamwona hata kivuli." Wakaondoka. Mchuzi ukabaki.

Binti wa Baragumu alikijua kisa hicho. Ndiyo maana tangu asubuhi alimfuata baba yake kila chumba.

"Baba, utakaa na sisi? Tangu mwanzo?"

"Mwanangu, mkahawa wenyewe ni wangu!"

"Si wako, baba."

"Dirisha ni langu. Nitatoa oda mbili tatu, nivue aproni, nije nikae kama waziri."

Mkewe aliyatazama maneno hayo yakipita, kama mtu anayetazama basi ambalo anajua halisimami kituoni kwake.

Mchana ukafika na watu wakamiminika kana kwamba majiko yote ya mji yamezimika. Mashine ilitoa tiketi bila kupumua. Katikati ya mbio hizo ikatoka ya meza ya tisa, na Baragumu akaisoma kwa sauti ya kutangaza mshindi:

"Oda mpya! Meza ya tisa, watu sita! Mbele, za kuanzia, supu sita. Nyuma, chakula chenyewe, steki mbili, moja wastani, moja iive kabisa! Kuku wawili, samaki wawili! Nyuma tushikilie mpaka niseme!"

"Tumesikia!" wakaitikia wapishi.

"Hiyo ya kuiva kabisa ni ya shangazi mtu. Ikitoka na damu, Moshi, binti yangu atazeekea kwangu na mimi nitahamia kwako."

"Sina kitanda cha ziada, mkubwa."

Supu zikatoka zote sita kwa mpigo, kingo za bakuli zimefutwa. Baragumu akaitundika tiketi mahali pake, akarudi kwenye meza ya kumi na moja, ya tatu, ya nne. Baadaye kidogo mhudumu akarudi na mabakuli: matano matupu, moja limejaa.

Baragumu akaliona. Damu ikampanda.

"Nani ameacha supu?" Akachovya kijiko, akaonja. Chumvi ipo, pilipili manga ipo, moto ulikuwepo. "Hii supu ina kosa gani? Mtu mzima anaagiza supu, watu wanahangaika, halafu haigusi? Wengine wana dharau jamani! Nani huyo?"

"Mwenyewe hajafika mezani, mzee," mhudumu akasema, macho chini.

"Hajafika? Watu wameketi, yeye yuko wapi? Watu wa namna hii ndio wanaoharibu meza za wenzao! Ni nani?"

Mhudumu alikuwa binti mwenye adabu. Akakohoa kidogo.

"Ni wewe, mzee."

Moshi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Shangazi anasemaje?" Baragumu akauliza, sauti imeshuka ngazi mbili.

"Anasema supu ni salamu, mtu anaweza kuinywa hata akiwa mlangoni. Lakini chakula chenyewe hali bila mwenye nyumba kuketi."

"Mwambie naja. Naitoa hii meza yao, naja nayo."

Na kweli alinuia. Mwenye macho aliona. Ila kwanza chakula chenyewe. Aliita kama inavyompasa mtu kuita chakula cha mwanawe. Steki ya shangazi iliwekwa motoni kabla ya vyote, kwa kuwa ndiyo ya kukawia, kuku wakafuata, steki ya wastani baadaye, ipate na muda wa kupumzika kabla ya kuguswa na kisu, samaki mwisho, kwa sababu samaki hana subira, akingojeshwa chini ya taa anakauka kama ulimi wa mwongo. Alikuwa akihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo, kila mpishi akianzia mahali pake ili wote wamalizie mahali pamoja. Hata Moshi siku hiyo aliposema mbili ilikuwa mbili.

Sahani sita zikakutana dirishani wakati mmoja, zote zikifuka mvuke. Baragumu akazifuta kingo, akazilinganisha na tiketi, akapaza sauti: "Mikono!" Wahudumu wakaja, wakazibeba kwa safari moja. Akaichoma tiketi kwenye msumari. Meza nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Akashika kamba ya aproni. Mashine ikalia. Meza ya saba.

"Hii tu," akajiambia. Ikalia tena. Meza ya pili, yenye mtoto asiyekula mboga za kijani. Akaiacha kamba.

Alipoinua macho, sahani sita za meza ya tisa zilikuwa zimerudi mbele yake. Nzima. Baridi. Samaki amekunjamana kwa huzuni. Miaka yote ile hajawahi kurudishiwa meza nzima.

"Steki haikuiva?"

"Imeiva, mzee."

"Kuku?"

"Mzuri."

"Sasa nini?"

Mhudumu akapisha. Nyuma yake alisimama mkewe Baragumu, amevaa gauni la sherehe, mkoba kwapani, mahali ambapo mteja haruhusiwi kukanyaga. Hakumtazama mumewe. Aliwatazama wapishi, akavuta pumzi, na ikadhihirika kwamba miaka ya kuishi na baragumu humfundisha mtu kupuliza.

"Oda!" akaita. "Meza ya tisa! Shangazi mmoja, amefunga mtandio! Mchumba mmoja, anatetemeka! Binti mmoja, analia! Baba mmoja, bado!" Sasa akamgeukia. "Dakika ngapi?"

Na Baragumu, Mungu amsamehe, mdomo ulimtangulia.

"Mbili!"

Jikoni kila mwiko ukasimama. Mafuta tu ndiyo yaliyoendelea kuzungumza. Halafu Moshi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeonewa muda mrefu, akaliacha koleo lake mezani na kushika tumbo.

Baragumu alivua aproni. Alimkabidhi Moshi tiketi kama mtu anayemkabidhi fisi bucha. "Usitoe mpaka itimie," akanong'ona. "Nakuomba."

"Nenda ukakae, mkubwa. Wewe sasa ni chakula cha watu."

Alipofika mezani, shangazi alikuwa amesimama. Akamtazama Baragumu kuanzia upara unaong'aa jasho mpaka viatu vyenye unga. Akaketi. Kijana akapumua, binti akafuta macho.

Kutoka dirishani ikasikika sauti ya Moshi: "Meza ya tisa, upya, watu sita! Na huyo wa sita mkimwona anainuka, mfungeni!"

Basi wakangoja. Baragumu hakuwahi kungoja chakula upande ule wa ukuta, na aligundua kwamba huko dakika mbili ni ndefu. Kisha ikaja sahani moja. Moja! Steki ya shangazi, bila shaka, kwa kuwa mpishi wa grili akipewa dirisha hutoa grili. Baada ya kitambo, kuku mmoja. Kisha kimya. Kitako cha Baragumu kikainuka chenyewe kutoka kitini. Kiatu cha mkewe kikatua juu ya chake na kukaa hapo.

"Mbona vinakuja kama wageni wa msibani, mmoja mmoja?" shangazi akauliza.

"Mkwe," akasema Baragumu, na mtu angedhani anang'olewa jino, "leo mimi ni mgeni tu. Siijui habari ya huko."

Shangazi alimtazama mguu uliokanyagwa, kisha uso. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Vizuri. Tutangoja vyote."

Wakangoja vyote. Wakala nyama iliyopoa, samaki wa moto sana na kuku wa katikati, na shangazi akamaliza sahani yake mpaka mfupa. Akafuta mikono taratibu.

"Mimi nimeridhika. Ila arusini mkwe mwenzangu huyu atakaa kando yangu, mwanzo mpaka mwisho. Vyakula aite mtu mwingine. Huyohuyo wa leo sawa."

"Huyohuyo?" Baragumu akauliza kwa sauti ndogo ambayo jikoni hawakuwahi kuisikia.

"Huyohuyo. Haya, baba wa binti, nyinyi mtakuwa tayari lini?"

Baragumu alimtazama mwanawe, aliyekuwa akicheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Alianza kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo: gauni, ukumbi, viti, ndugu wa mbali ambao ndio wa kukawia kuliko vyote.

"Miezi miwili," akasema.

Mkewe akafungua mkoba, akatoa kalenda ndogo na, bila kumuuliza mtu, akahesabu miezi sita, si miwili, na kuweka alama hapo.