Jina Lililokuwa Getini

Mwalimu ni jirani yangu, nami ni fundi wa kuchora mabango. Chekechea yake aliianzisha sebuleni, akaipa jina la bintiye wa pekee, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka sita. Bango la kwanza nililichora mimi, na pembeni nikaweka ua ambalo mpaka leo nalionea aibu.

Kwa miaka kumi na moja chekechea haikupungukiwa watoto. Balaa lilianza alipopata kibali cha shule ya msingi. Mtoto akimaliza chekechea tu, wazazi wanamhamishia shule yenye bango kubwa kuliko jengo lake. Darasa la kwanza likabaki na watoto wanne. Hali ikiendelea hivyo ingebidi alifunge, na walimu wawili wangerudi nyumbani.

Mimi na mdomo wangu nikamwambia tatizo ni jina. Nimechora mabango ya shule kumi na nne, najua mzazi anaona nini akipita. Jina liwe fupi, lienee kwenye nembo ya sweta na ubavuni mwa basi, hata kama basi lenyewe bado ni ndoto. Alininunia siku mbili, kisha akasema tuwaulize wazazi.

Kikaoni tuliwagawia karatasi yenye majina matatu, bila maelezo yoyote. Kila mmoja aseme anaona shule ya namna gani. Nyota Njema, wakasema, ni ya watoto wa kulala mchana. Upeo Akademi wakaiona ina Kiingereza, kompyuta, ukuta mrefu na mlinzi. Hatukuwa na mlinzi. Likabaki la binti.

Baba mmoja mpole, ambaye mwanawe alikuwa chekechea pale pale, akasema, "Mwalimu, usinielewe vibaya. Hili la mtu linasikika kama kituo cha yatima. Na huyo mtu mwenyewe hatumjui."

Mwalimu angesema neno moja tu, ukumbi mzima ungeona haya. Badala yake aliyaandika maneno ya yule baba daftarini kama alivyoandika ya wengine. Baadaye aliniambia hataki kuletewa watoto kwa huruma.

Ofisi ya elimu ilipopitisha jina jipya, nilichora bango la Upeo Akademi kwa mbwembwe zangu zote. Muhula ulipofunguliwa, darasa la kwanza lilikuwa na watoto ishirini na sita. Nikaenda kumpongeza, kifua mbele. Nilimkuta ofisini, simu inaita na hapokei.

"Kila asubuhi watu walikuwa wanamtaja mwanangu," alisema. "Nampeleka mtoto kwa fulani, namfuata mtoto kwa fulani. Leo nimesimama getini tangu saa kumi na mbili. Hakuna aliyemtaja."

Nilitaka nimtaje mimi. Nikaishia kumwambia simu inaita.