Mwezi haikutoka ku lubavu

Mwaka ya mwisho ya masomo yetu ya mangaribi, kila mwanafunzi wa géographie alipaswa kufundisha leçon moja mbele ya jury, mu kalasi ya kweli, na batoto ba kweli. Ukishindwa, hakuna diplôme, unarudilia mwaka. Sujet unaitosha weye mwenyewe mu kasanduku. Benzangu balitosha bintu bya hapa kwetu: mito ya Katanga, mvua, namna miji inakomea. Miye nilifungua karatasi yangu nikasoma: « Origine ya Mwezi ».

Polisi mumoja mwenye alikuwa anasoma na shiye alichungulia juu ya bega yangu.

— Maman, weye uko muntu wa maombi. Uliza tu Muumba, atakuelezea bila notes.

Kalasi nzima ilicheka, na miye nilicheka. Lakini miye sikuweza kurudilia mwaka. Nilikuwa nimepita miaka makumi ine, nilikuwa niliacha masomo siku ya kuolewa, na nilikuwa niliahidi batoto bangu mbele ya sanamu ya Bikira kama nitaimaliza.

Nilisoma notes huku bukari, ugali yetu, iko inachemuka. Zamani sana, wakati dunia yetu ilikuwa ingali changa na moto, planète ingine, ya ukubwa karibu sawa Mars, ilikuya kuigonga kwa upande. Bintu bilirukia juu, na mu ile njo mwezi ilitokea. Nilisimama pale na mwiko mu mukono, furaha ikanijaa. Nilijiambia: shi ni lubavu. Mungu alitosha lubavu ya Adamu, akafanya Eva. Alitosha lubavu ya dunia, akafanya mwezi. Nilitayarisha leçon nzima juu ya ile maneno. Nilichora dunia na shimo ku upande, na mupira mudogo unatoka mule.

Nilipeleka cahier ku bureau ya professeur mwenye alikuwa ananifwatilia. Alitazama dessin muda murefu.

— Madame, na ule mwenye alikuya kugonga, alienda wapi?

— Nani, Professeur?

— Planète ingine. Hapa umeichora inakuya. Hapa haiko tena. Muntu akigonga nyumba yako na camion, camion inakuwa moshi?

— Ilivunjika.

— Na chuma yake? Mu roho yake, katikati kabisa, kulikuwa chuma, sawa vile mu roho ya dunia. Ilienda wapi?

Alifunga cahier, akanirudishia.

— Adamu alibakia Adamu, alipungua tu lubavu moja. Dunia yetu haikubakia ile ya mbele. Lubavu iko muzuri ku kanisa, madame. Ku leçon, jury itakuangusha.

Nilirudia ku Kenya, commune yetu ya Lubumbashi, na miguu, sababu ya hasira. Nilimuambia bwana yangu:

— Ule baba anakatala Biblia.

Bwana yangu anatengenezaka ma moteur. Hakuinua hata kichwa.

— Alikatala Biblia, ao alikatala dessin?

Nilikamata rosari nikaenda ku chumba. Nilisali, lakini ile question ya chuma ilikuwa inapita katikati ya ma Salamu Maria, inanichokoza sawa mbu. Kwa kweli, chuma ilienda wapi?

Baba yangu alitumika ku four ya shaba, ile tanuru ya kuyeyusha mawe, mpaka alipozeeka. Tulipokuwa batoto, alikuwa anatuelezea namna mawe inayeyuka: kile cha uzito kinashuka chini, na scorie, ile takataka nyepesi ya mawe, inabakia juu, banaimwanga inje. Mulima ya scorie kila muntu wa Lubumbashi anaijua, inaonekana toka mbali. Njo nilisimama na rosari mu mukono. Hizi planète mbili zilikuwa sawa four mbili. Mbele ya kugongana, chuma ilikuwa imeisha kushuka mu kila moja. Kwa ile, zilipogongana, kile kilirukia juu kilikuwa karibu scorie tupu. Chuma ya mugeni ilizama, ikaungana na chuma ya dunia. Ile scorie ya moto, ya zote mbili, ilizunguka dunia sawa mukufu ku shingo, kisha ikajikusanya kidogo kidogo mpaka ikakuwa mwezi.

Nilimaliza rosari yangu, kisha nikapasula ile page ya lubavu. Iliniuma. Nilikuwa nimeipenda sana.

Siku ya leçon nilivaa pagne ya Ba Maman Catholiques, sababu ndani yake ninasimamaka sawasawa. Jury ilikaa nyuma ya kalasi: professeur wangu, mwalimu wa ile kalasi, na professeur mumoja wa géologie mwenye macho ya kulala. Leçon ilikuwa mu Kifaransa. Hapa naiandika mu Swahili yetu. Nilichora planète mbili, kila moja na roho ya chuma nyeusi na ngozi ya mawe nyeupe. Niliuliza batoto juu ya ule mulima ya scorie, mikono yote ikainuka. Kutokea pale kalasi ilikuwa yangu.

Binti mumoja wa banc ya mbele aliuliza:

— Madame, nani alikuwa pale akaona?

— Hakuna. Lakini bantu balienda ku mwezi, balirudia na mawe. Mawe inasema mambo. Mwezi iko na chuma kidogo sana kupita dunia, na mawe yake inaonyesha kama zamani iliyeyuka. Ukikuta gari mbili zimekunjamana mu njia, hukuona, lakini unajua.

— Na Mungu, madame?

— Mungu hajatoka mu hii kalasi, mwanangu. Alifanya mwezi. Leo tunasoma namna gani.

Aliitika na kichwa, akaandika.

Njo ule wa géologie alifungua macho.

— Madame, oxygène ya mawe ya mwezi, ile iko sawa alama ya fasi mawe ilizaliwa, inafanana sana na ya mawe ya hapa. Kama mugeni alileta sehemu kubwa ya mwezi, mbona haitofautiane?

Na ile lubavu ilirudia yote mu kinywa: sababu ni mwili ya mwili yake, Professeur. Ilikuwa jibu ya kupendeza. Batoto bangepiga makofi. Nilitazama ubao, nikaona zile roho mbili nyeusi, nikajua ingekuwa bongo, uongo tupu.

— Professeur, pale benye kujua bangali banashindana. Bamoja banasema mugeni alizaliwa karibu na dunia, kwa ile balifanana toka mwanzo. Bengine banasema moto ilikuwa kali sana mpaka mawe ya zote mbili ikachanganyika sawa supu. Siwezi kuambia batoto kama imeisha, wakati haijaisha.

Aliandika kitu. Balinong'onezana batatu pale nyuma, kisha professeur wangu alisimama na kusema mbele ya batoto: distinction, note ya juu. Batoto balipiga banc mpaka mwalimu wa kalasi ingine alikuya kuangalia. Professeur alinikamata mukono.

— Madame, leo uliniletea camion yote, hata boulon haikupotea.

— Aksanti, Professeur. Na Biblia yangu iko mu sac, haina hata mukwaruzo.

Alicheka mpaka akatosha lunettes ku macho.

Nilikamata kitambaa nifute ubao, sawa vile stagiaire, mwalimu wa kujifunza, anapaswa. Mwalimu wa kalasi alinitosha kitambaa mu mukono, akakiweka mu mufuko ya veste yake.

— Acha, maman. Kesho niko na kalasi ingine hapa. Nataka nao baone.

Mama mwenye alinifwata mbele ya jury alikuwa na leçon ya mvua. Mawingu yake yote ilibidi aichore ku kona ya ubao, ya kubanana, chini ya mwezi yangu.